Kadi inayokufa alfajiri: kupunguza volteji ya RTX 3060 Ti kwenye chumba cha bati, Tabora

Mwenye kisa hiki ni dada mmoja mchora ramani za nyumba, ana ofisi ya chumba kimoja Isevya, Tabora mjini. Wateja wake siku hizi hawaridhiki na ramani ya karatasi peke yake. Wanataka kuiona nyumba ikiwa imepauliwa na kupakwa rangi, na wenye uwezo wanaomba video fupi ya kuizunguka. Kazi hiyo anaifanya kwa Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, akitumia kadi ya grafiki ya RTX 3060 Ti aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Video ya sekunde 30 ni picha 720, na kwa ubora anaoutaka yeye, kila picha huchukua karibu sekunde 50. Hiyo ni kazi ya saa kumi hivi, kwa hiyo anaiwasha jioni anapofunga ofisi na kuikuta asubuhi.

Chumba chenyewe hakina dari. Juu ni bati tupu, na dirisha moja linatazama magharibi. Anayeijua Tabora ya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, anajua mchana wa bati ukoje: saa tisa kipimajoto cha mezani kilisoma nyuzi 35. Lakini Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku unapoa vizuri hata katika miezi hiyo. Alfajiri chumba hicho hicho kilikuwa nyuzi 21. Ishike tofauti hiyo ya nyuzi 14, maana ndiyo iliyonipa jibu.

Shida ya mwanzo ilikuwa joto. Mchana, kadi ikiwa kwenye mipangilio ya kiwandani, ilifika nyuzi 83 na kubaki pale, feni zikizunguka kwa nguvu zote. Nyuzi 83 ndicho kiwango ambacho kadi hii imepangiwa kutokukivuka. Ikikifikia huanza kujipunguzia kasi yenyewe. Jamaa yake mmoja anayecheza gemu akamwelekeza apunguze volteji. Akafanya, na kweli mchana ukawa mtulivu: kadi ikashuka hadi nyuzi 73 na kelele zikaisha. Ila tangu hapo, kazi za usiku zikawa zinakatika. Anakuta picha zimeishia ya 400 na kitu, Blender imejifunga, na mteja anakuja saa nne.

“Fundi, ni umeme huu,” aliniambia. “Usiku unapanda na kushuka.”

Lilikuwa wazo la kwanza ambalo mtu yeyote wa hapa angelipata. Lakini umeme ukikatika, kompyuta nzima huzima. Yake ilikuwa inakutwa imewaka, kivinjari kiko wazi na faili zake ziko pale pale, isipokuwa Blender. Nikafungua Event Viewer ya Windows, sehemu ya System, na kuangalia usiku uliopita. Palikuwa na onyo lenye namba 4101 kutoka kwa Display, likisema draiva ya `nvlddmkm` imeacha kujibu kisha ikarudi. Muda wake: 4:12, yaani saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri. Usiku wa kabla ya huo lilikuwepo lingine, karibu na saa kumi na moja. Mchana halikuwepo hata moja. Kwa hiyo kadi ndiyo iliyokwama, na ilikuwa inakwama kwenye ubaridi, wakati watu wengi wangetarajia ikwame kwenye joto.

Hapa inabidi nieleze kwanza volteji gani inazungumziwa, kwa sababu neno hili huwatia watu hofu. Umeme mdogo wa ukutani, ule unaofanya friji ingurume na taa ififie, unaweza kweli kuharibu vifaa. Huu ni mwingine kabisa. Kadi inapokea volti 12 kutoka kwenye pawa saplai, na mzunguko ulio kwenye kadi yenyewe unazishusha hadi karibu volti moja kwa ajili ya chipu. Tunachopunguza ni hiyo volti moja. Hakuna kinachoungua kwa kuipunguza. Ikizidi kuwa ndogo, chipu inakosea hesabu au draiva inakwama, basi. Kinachopotea ni kazi. Chuma kinabaki salama.

Kwa nini kuna nafasi ya kupunguza? Kiwandani chipu hazitoki sawa. Nyingine zinaweza kwenda kasi fulani kwa volteji ndogo, nyingine zinahitaji zaidi, na mtengenezaji anaweka volteji itakayotosha hata kwa zile dhaifu. Kwa hiyo wengi wetu tunalipia ziada ambayo chipu zetu haziihitaji. Na ziada hiyo ina gharama kubwa, maana nguvu inayoliwa na chipu hufuata kanuni hii:

```
P ≈ C × V² × f
```

C ni namba ya chipu yenyewe, V ni volteji na f ni kasi. Kasi ikishuka kwa asilimia 5, nguvu inashuka kwa asilimia 5. Volteji iko kwenye kipeo cha pili, ikishuka kidogo tu nguvu inashuka sana. Kadi ya dada huyu, ikiwa ya kiwandani na haijabanwa na joto, ilikuwa inakwenda megahezi 1,905 kwa volti 1.03 hivi. Ukiipeleka kwenye volti 0.85, sehemu ya volteji peke yake inakuwa (0.85 ÷ 1.03)², sawa na 0.68. Kabla hata hujagusa kasi, umeshaondoa karibu theluthi ya nguvu inayoliwa na chipu. Memori ya kadi na feni haziguswi na hesabu hii, ndiyo maana wati za kadi nzima hazishuki kwa kiwango hicho hicho.

Sasa turudi alfajiri. Kadi za Nvidia hazina kasi moja. Zina mstari wa nukta: kwa kila volteji, kuna kasi yake. Na mstari huo hautulii, kwa sababu kadi yenyewe huusogeza kulingana na joto. Chipu ikipoa, mstari unapanda kwa hatua za megahezi 15. Ikipata joto unashuka kwa hatua hizo hizo. Mtu anapovuta nukta kwenye programu, hapangi kasi kamili. Anapanga nyongeza juu ya mstari unaotembea.

Nilimuuliza alivyopanga. Alikuwa amefanya saa tisa mchana, Blender ikiwa inarenda, yaani inatengeneza picha, kadi iko juu ya nyuzi 70. Alivuta nukta ya volti 0.85 hadi namba ya kwenye skrini ikasoma 1,860, akaona inatembea, akahifadhi. Ni jambo la busara kwa mtazamo wa kawaida: umejaribu kwenye hali ngumu, imepita. Ila kwenye suala hili, hali ngumu ya joto na hali ngumu ya volteji si kitu kimoja. Ule 1,860 wa nyuzi 73 ukipoa unakuwa namba kubwa zaidi, na volteji imebaki ile ile 0.85.

Ili kulithibitisha, tuliacha amri hii ikiandika tangu mchana hadi asubuhi kwenye faili, kila baada ya sekunde tano:

```
nvidia-smi --query-gpu=timestamp,temperature.gpu,power.draw,clocks.sm --format=csv -l 5 -f kadi.csv
```

Asubuhi tulipoifungua kwenye Excel, jambo lilionekana wazi. Mchana kasi ilikaa kwenye 1,860, wakati mwingine 1,845. Kuanzia usiku wa manane ikawa 1,875. Na alfajiri kulikuwa na kitu ambacho sikukitarajia kukiona waziwazi namna ile. Kati ya picha na picha, Blender huchukua sekunde kadhaa kuandaa nyumba, miti na nyasi za picha inayofuata, kazi inayofanywa zaidi na prosesa. Sekunde hizo kadi inapumzika. Kwenye chumba cha nyuzi 21 ilikuwa inaporomoka hadi nyuzi 48. Picha mpya inapoanza, mzigo wote unaingia kwa mkupuo kadi ikiwa bado baridi, na kasi inasoma 1,905. Yaani kasi kamili ya kiwandani, kwa volti 0.85 badala ya 1.03. Kwenye faili, kipimo cha mwisho kabla ya kukwama kilikuwa kimoja cha hivyo: nyuzi 49, megahezi 1,905, mwanzo wa picha.

Kwa hiyo tulipanga upya, safari hii saa kumi na mbili asubuhi, kompyuta ikiwa imewashwa muda si mrefu na kadi ipo nyuzi 30 na kitu. Utaratibu kwenye MSI Afterburner, programu ya kupanga kasi na volteji ya kadi, ni mfupi. Kwanza rudisha kila kitu kwenye hali ya kiwandani. Kisha shusha Core Clock hadi sehemu ya juu kabisa ya mstari iwe chini ya kasi unayoilenga. Kwake -300 ilitosha. Bonyeza alama ya kuthibitisha. Fungua mstari kwa Ctrl+F, tafuta nukta ya milivolti 850, yaani volti 0.85, ivute juu mpaka kasi unayoitaka, na uthibitishe tena. Nukta zote za kulia kwake zinajilaza kwenye usawa ule ule, na hiyo ndiyo maana ya kazi nzima: kadi haioni faida ya kuomba volteji zaidi ya 0.85, kwa sababu juu ya hapo hakuna kasi ya ziada. Ukiona mstari upande wa kulia bado unapanda, hujamaliza. Kadi itapanda nao na volteji itarudi ilikokuwa.

Tulianza na 1,845, kadi ikiwa baridi. Ilikwama kabla ya saa tatu asubuhi. Tukashuka hadi 1,830, na hiyo ikapita usiku kucha. Hapo ndipo wengi huhifadhi na kuondoka. Mimi nilimshauri ashuke hatua mbili zaidi, hadi 1,800. Kilichopita usiku mmoja kwa nyumba moja hakijajaribiwa kwa nyumba yenye vioo vingi na bustani kubwa, ambayo inaibana chipu kwa namna nyingine. Megahezi 30 kwenye kadi hii hazifiki hata asilimia 2 ya kasi, na ni bei ndogo kulinganisha na picha 300 za kurudia mteja akiwa anasubiri.

Matokeo tuliyapima kwa picha moja kubwa, nzito kuliko zile za video, ya nyumba ya vyumba vinne, nyakati mbili za siku. Asubuhi na mapema, kadi ya kiwandani iliimaliza kwa dakika 6 na sekunde 10, ikila wati 195. Iliyopunguzwa volteji iliimaliza kwa dakika 6 na sekunde 30, kwa wati 145. Hasara ni kama asilimia 5 ya muda kwa karibu robo ya wati. Saa tisa mchana hadithi ni nyingine. Ya kiwandani ilipiga nyuzi 83, ikajipunguza, ikachukua dakika 6 na sekunde 25. Iliyopunguzwa ilikaa nyuzi 71 na kuchukua dakika 6 na sekunde 34. Tofauti imebaki sekunde tisa. Kasi ambayo mtu anaogopa kuipoteza, bati lilikuwa limeshaichukua.

Kuhusu LUKU nitasema wazi, kwa sababu nimesikia watu wakiahidiana makubwa. Ukutani, kompyuta yake nzima ilikuwa inakula wati 310 hivi ikirenda. Sasa ni 250. Lakini kazi ya saa kumi sasa inachukua saa kumi na nusu, na wati lazima zipimwe kwa kazi nzima. Zamani ilikuwa uniti 3.1 kwa usiku, sasa ni 2.6. Nusu uniti. Kwa mita ya T1, uniti pamoja na kodi na tozo ilikuwa karibu shilingi 356 tulipopima, kwa hiyo anabakiza kama shilingi 180 kwa usiku, na kwa mwezi wenye kazi nyingi ni kama 4,500. Si haba kwa kitu kisichogharimu senti, lakini kama lengo lako ni bili peke yake, angalia kwanza pasi na friji. Faida kubwa ya dada huyu ni kwamba wati 60 hazimwagwi tena ndani ya chumba kile anachokaa na wateja, na feni zimeacha kupiga kelele wakati anaongea nao.

Aliniuliza pia kwa nini asingetumia tu kile kitelezi cha Power Limit, ambacho ni rahisi kuliko kuvuta nukta. Kinafanya kazi, na hakiwezi kumkwamishia kadi, kwa sababu volteji na kasi zinashuka pamoja kwa mpango wa kiwanda. Tulikijaribu kwenye asilimia 75. Wati zilishuka hadi 150, lakini picha ya asubuhi ikachukua karibu dakika 7. Ziada ile ya volteji ilikuwa bado ipo. Kadi ilikuwa imekatwa kasi badala yake. Kwa mtu asiye na muda wa kujaribu usiku kadhaa, hilo ndilo ningemwekea na kumwacha. Kwa mtu anayeishi kwa kurenda, mstari unalipa.

Kabla ya haya yote, kadi iliwahi kufunguliwa? La. Tuliipuliza vumbi kwa blowa, feni zikiwa zimeshikwa zisizunguke, na vumbi jekundu la Tabora lilitoka la kutosha kufunika meza. Vipimo vyote vya hapo juu ni vya baada ya usafi huo. Vumbi likiwa limeziba mapezi ya kipoozeo, kupunguza volteji kutaficha tatizo kwa miezi kadhaa tu.

Kuna kosa moja ambalo halikwamishi chochote na kwa hiyo ni baya kuliko kukwama. Chipu iliyo ukingoni inaweza kukosea hesabu kidogo bila draiva kulalamika, na kosa linatokea ndani ya picha: kidoti cheupe ukutani, mraba mweusi kwenye kivuli, au mchanga wa rangi usiokuwepo kwenye picha jirani. Kwenye video vinaonekana kama kumetameta kwa nusu sekunde, na mteja ataviona. Njia tuliyotumia kukagua ni kurenda picha moja mara mbili bila kubadilisha chochote, seed, ile namba inayoanzisha ubahatishaji wa Blender, ikiwa ile ile, kisha kuziweka moja juu ya nyingine kwenye programu ya picha na kutazama tofauti. Zinapaswa kufanana. Kwenye 1,830 kulikuwa na nukta mbili tatu kwenye kioo cha dirisha. Kwenye 1,800 hapakuwa na kitu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nisimame hapo kuliko onyo lolote la Windows.

Namba hizi ni za chipu yake. Mwenye 3060 Ti nyingine anaweza kupata 1,860 kwa 0.85 hata kwenye baridi, na mwingine akashindwa 1,770. Wenye kadi za AMD hufanya jambo hilo hilo kwenye programu ya Adrenalin, upande wa Tuning, ingawa pale volteji inapangwa kwa kitelezi badala ya mstari wa nukta. Kwenye baadhi ya laptopu sehemu ya volteji imefungwa.

Mpangilio wake tumeuhifadhi kwenye nafasi ya kwanza ya Afterburner. Ile alama ya Windows inayoupakia kila kompyuta inapowaka tuliiacha imezimwa hadi kazi mbili kubwa zilipopita bila onyo namba 4101, ndipo akaiwasha. Nimemwomba arudie jaribio la usiku ikifika Juni na Julai, wakati alfajiri ya Tabora inashuka hadi nyuzi 15 hivi na chipu itaanza kila picha ikiwa baridi kuliko sasa. Ikikwama tena, ashushe hatua moja ya megahezi 15 na aache volteji ilipo.